Mikono miwili yenye mzingo mmoja: kutenganisha misuli na mafuta

Hapa Bukavu wahudumu wa lishe huniuliza kwa nini nahangaika na kalipa, kifaa cha kubana na kupima unene wa mkunjo wa ngozi, ilhali utepe wa kupimia mkono upo. Kwa kuwachuja watoto wenye utapiamlo, utepe unatosha. Kwa mtu mzima aliyekonda kwa maradhi ya muda mrefu hautoshi, kwa sababu hauonyeshi kama kilichopungua ni misuli au mafuta.

Tuwachukulie wanawake wawili wa Kadutu, wote wakiwa na mzingo wa sentimita 24 katikati ya mkono wa juu. Mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono, juu ya trisepsi, ni milimita 8 kwa wa kwanza na 18 kwa wa pili. Mkunjo huo ni tabaka mbili za ngozi na mafuta, yaani unalingana na kinachozidi kwenye kipenyo cha mkono kwa pande zote mbili. Kwa hiyo tukiuzidisha kwa 3,1416 na kuutoa kwenye mzingo, tunabaki na mzingo wa misuli pamoja na mfupa.

```
misuli = (mzingo - 3,1416 × mkunjo)² / (4 × 3,1416)
mkono  = mzingo² / (4 × 3,1416)
mafuta = mkono - misuli
```

Eneo la mkono mzima ni takriban sentimita za mraba 46 kwa wote wawili. Wa kwanza ana misuli 37 na mafuta 9. Wa pili ana misuli 27 na mafuta 19. Kwa watu wazima hupunguzwa tena 6,5 kwa mwanamke na 10 kwa mwanamume ili kuondoa mfupa, hivyo wanabaki na takriban 30 na 20. Utepe peke yake ungewaweka pamoja.

Mkunjo lazima uandikwe kwa sentimita: 0,8 na 1,8. Ukiacha 18, mabano yanatoa namba hasi, na kipeo cha pili kinaificha: misuli inakuwa 84, zaidi ya mkono wenyewe. Mafuta yakitoka hasi, kagua vipimo hivyo kwanza.

Upande wa vifaa, mimi huogopa zaidi utepe kuliko kalipa. Kwa mwanamke wa kwanza, kosa la milimita 2 kwenye mkunjo hubadilisha misuli kwa takriban 2, lakini kosa la sentimita moja kwenye mzingo hubadilisha kwa zaidi ya 3. Ndiyo maana nusu ya mkono hutafutwa kiwiko kikiwa kimekunjwa kwa pembe mraba, kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, kisha mkono huachwa uning'inie umelegea.

Hesabu hii hudhani kwamba mkono ni duara na mafuta yameenea sawasawa, jambo ambalo kwa mtu mnene sana haliaminiki. Misuli yake huonekana mingi kuliko ilivyo. Mwenye uvimbe wa maji mkononi simfanyii kabisa: kalipa ikishikilia mkunjo, maji hukimbia na usomaji huendelea kushuka, huku mzingo ukihesabu maji hayo kuwa misuli.