Je, wajua nani huikamata nchi inayovunja mkataba wa ozoni?

"Wanasema R-12 imepigwa marufuku dunia nzima. Sasa nchi ikiingiza gesi kupita kiasi ilichopangiwa, nani wa kuikamata? Na kama hapana wa kuikamata, mbona mitungi ile imetoweka kweli?" – fundi wa friji, Malindi

Wa kuikamata hapana, fundi. Nchi iliyozidisha huandikiwa barua, huitwa kikaoni ijieleze, hutakiwa ilete mpango wenye tarakimu za kila mwaka, na mara nyingi husaidiwa pesa za kuutekeleza. Kitisho kipo, lakini hukaa mwisho kabisa wa foleni. Kenya yetu ilipitishwa njia hiyo mwaka 2006, kwa gesi za jamii hiyohiyo ya R-12 iliyokuwa ikijazwa kwenye majokofu ya samaki, Malindi na Lamu.

Kwanza tuone nchi inavyopimwa. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ndiyo huo mkataba wa ozoni, haimfuati fundi kwenye karakana yake. Inachotazama ni hesabu ya taifa: gesi iliyotengenezwa nchini, ukiongeza iliyoingizwa, ukitoa iliyouzwa nje. Jibu lake huitwa matumizi ya mwaka. Kenya haina kiwanda cha gesi hizi, kwa hiyo matumizi yake ni mitungi iliyoshuka Kilindini au kupitia mipaka mingine, basi. Mtungi ukishatoka bandarini, iwe umekwenda hoteli ya Malindi au duka la barafu Lamu, kwa itifaki ni mamoja.

Kisha kila kilo huzidishwa kwa kiwango cha madhara yake kwa ozoni. R-12 imepewa 1, kwa hiyo kilo yake ni kilo kamili ya madhara. R-22, ile ya viyoyozi, imepewa 0.055, yaani kilo mia moja zake huhesabiwa kama kilo tano na nusu tu. Serikali hupeleka tarakimu hizo kabla ya mwisho wa Septemba wa mwaka unaofuata.

Nchi zinazoendelea zilipewa ratiba ya polepole kwa gesi za kundi la R-12: zisizidishe kiwango chao cha msingi kuanzia katikati ya 1999, zipunguze nusu ifikapo 2005, asilimia 85 ifikapo 2007, na ziache kabisa ifikapo 2010. Kiwango cha msingi cha Kenya kilikuwa tani 239.5, kwa hiyo mwaka 2005 haikuruhusiwa kupita tani 119.7. Taarifa yake yenyewe ikaonyesha tani 162.2.

Hapo ndipo kosa lilipo: tani 42 na nusu za ziada. Mtungi wa kutupa unaoujua wewe hubeba kilo 13.6, kwa hiyo kama ziada ile yote ingekuwa R-12, ni mitungi elfu tatu na kitu. Na angalia ni nani aliyeifichua. Hakuna mpelelezi aliyetumwa Mombasa. Kenya iliandika, Kenya ikatuma, na aliyepokea akailinganisha tarakimu na kikomo.

Aliyepokea ni Sekretarieti ya Ozoni, na ofisi yake iko Gigiri, Nairobi. Kwa hiyo nchi zote duniani hupeleka hesabu zao Nairobi, na barua ya kuiuliza Kenya kulikoni haikuwa na safari hata ya kuvuka mji.

Utaratibu wenyewe wa kuishughulikia nchi iliyozidisha uliwekwa kwa majaribio mwaka 1990, ukathibitishwa Copenhagen 1992. Shauri laweza kufunguliwa kwa njia tatu. Nchi moja yaweza kuishtaki nyingine, lakini njia hii haipendwi. Nani ataka ugomvi wa kibalozi kwa ajili ya mitungi ya gesi? Ya pili ni Sekretarieti kuona kasoro kwenye taarifa na kuiuliza nchi husika, ambayo ina miezi mitatu ya kujieleza, au zaidi kidogo ikiwa mazingira yanadai. Ya tatu ni nchi kujisemea yenyewe kwamba imejitahidi na imeshindwa. Mtu aendaye dukani kumwambia mwenye duka kwamba mwisho wa mwezi hatalipa yote, mara nyingi huondoka na tarehe mpya; aliyejificha hufuatwa nyumbani. Itifaki ilitaka nchi ziwe kama yule wa kwanza.

Maelezo yasipotosha, shauri hupelekwa kwa Kamati ya Utekelezaji. Hii ina nchi kumi, mbili kutoka kila kanda ya dunia kati ya kanda tano, na huchaguliwa kwa miaka miwili. Haina hakimu. Kazi yake, kwa maneno ya utaratibu wenyewe, ni kutafuta suluhu ya kirafiki inayoheshimu itifaki. Nchi inayohusika hualikwa ijieleze, ila haishiriki kuandika mapendekezo kuhusu shauri lake. Uamuzi wenyewe hutolewa na mkutano wa nchi zote.

Kwa nini upole huu? Kwa sababu waliouandika walijua kwamba nchi nyingi hazikosei kwa ukaidi. Wizara ya mazingira yaweza kujua kikomo cha mwaka, lakini mtu wa forodha aliye getini hana karatasi ya kumwambia mwagizaji fulani kwamba fungu lake limekwisha. Kenya ilikuwa na pengo hilohilo. Iliridhia itifaki tangu Novemba 1988, mapema kuliko wengi, ila kanuni maalumu za kudhibiti gesi hizi chini ya sheria ya mazingira zilichapishwa mwaka 2007. Kabla ya hapo, taifa lilikuwa na kikomo Gigiri na halikuwa na mizani imara bandarini. Faini ingeongeza nini hapo? Ingepunguza tu pesa za kuajiri na kufundisha.

Basi mkutano wa nchi wanachama, uliofanyika New Delhi mwishoni mwa 2006, ukaandika kwamba Kenya haikuzingatia itifaki kwa mwaka 2005. Jina likatajwa waziwazi, na hilo peke yake wanadiplomasia hawalipendi. Kenya ikawa imeleta mpango: matumizi yashuke kwa ngazi, mwaka hadi mwaka, mpaka sifuri, na uingizaji uwe kwa leseni na mafungu. Tangu hapo haikupimwa tena kwa ratiba ya jumla pekee, ilipimwa na kwa ahadi zake yenyewe.

Halafu ukaja ule mtindo wa maneno ambao Kamati huurudia kwa karibu kila nchi ya aina hii, na ndani yake ndimo siri yote ilimo. Kwanza: maadamu nchi inafuata mpango wake, itatendewa kama mwanachama mwema na itaendelea kusaidiwa. Pili: imeonywa. Tatu: ikishindwa, wenzake wanaweza kufikiria hatua nyingine, ikiwemo kuhakikisha kwamba nchi zinazouza gesi ile haziiuzii tena.

Hayo ya tatu ndiyo yaliyo na makali. R-12 haikuwa ya kupikwa uani. Ilitoka katika viwanda vichache, katika nchi chache, na nchi hizo nazo ni wanachama. Msaada nao una uzito wake. Mfuko wa Montreal, ulioanza kazi 1991 na unaochangiwa na nchi tajiri, ndio uliolipia mafunzo ya mafundi na vifaa vya kuvuta gesi kuukuu katika nchi kama yetu. Fundi aliyewahi kuihamisha friji kutoka R-12 kwenda R-134a anajua kwa nini mafunzo yalihitajika: mafuta ya zamani ya kompresa hayachanganyiki na gesi mpya, na asiyeyabadilisha huipeleka kompresa jenezani.

Aliyewahi kuyaona makali hayo ni Urusi. Mwaka 1995 Urusi, Belarus, Ukraine, Bulgaria na Poland zilitangulia kusema kwamba hazitawahi tarehe ya 1996, ambayo nchi zilizoendelea zilitakiwa ziwe zimeacha gesi za kundi la R-12. Kamati ikalichukua tangazo hilo kama kujisemea. Urusi ilikuwa mtengenezaji, kwa hiyo uamuzi wa mkutano wa Vienna mwaka huo ukaibana isiuze gesi nje ya kundi dogo la majirani zake. Urusi ilipinga kikaoni kwa maneno makali. Lakini haikujitoa, na pesa za wafadhili zikaja kufunga viwanda. Uzalishaji wa kundi hilo la gesi ukakoma mwishoni mwa 2000. Mimi naona pesa ndizo zilizofunga viwanda, na kizuizi ndicho kilichofanya zipokewe haraka.

Utaratibu huu una jicho moja bovu, nalo ni kwamba unasoma kilichoandikwa. Mtungi wa magendo hauingii kwenye taarifa. Chukua mtungi ulioandikwa R-134a ukiwa na R-12 ndani. Kwenye joto la nyuzi 30, joto la kawaida la Malindi, geji itasoma karibu bar 6.7 kwa R-134a na bar 6.4 kwa R-12. Tofauti hiyo huwezi kuitegemea. R-22 ingejitambulisha mara moja, maana husoma karibu bar 11. Ndiyo maana maafisa wa forodha wa nchi nyingi walipewa mashine ya kutambua gesi: huvuta pumzi kidogo kutoka mtungini na kutaja kilichomo. Rangi ya mtungi, nyeupe kwa R-12 na samawati kwa R-134a, ilikuwa ya kumsaidia mwaminifu tu.

Udhaifu huo ulionekana kwa ukubwa mwaka 2018. Wanasayansi wanaopima hewa walitangaza kwamba gesi ya CFC-11, ya kundi lilelile la R-12, ambayo kwenye taarifa za nchi uzalishaji wake mpya ulikuwa kama sifuri tangu 2010, ilikuwa ikitoka upya kutoka mashariki mwa Asia. Mwaka uliofuata vituo vya Korea Kusini na Japani vilisaidia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ilitoka mashariki mwa China, hasa mikoa ya Shandong na Hebei. Serikali ya China ikaongeza misako, na kufikia 2019 hewa ilionyesha utoaji umeshuka sana. Kamati haikuwa na karatasi ya kuligundua jambo hilo. Liligunduliwa na vipimo vya anga.

Na kwa fundi wa leo, hesabu hiyohiyo sasa iko kwenye R-22. Nchi zinazoendelea zinatakiwa kuacha kuiingiza ikiwa mpya ifikapo 2030, isipokuwa wastani wa asilimia 2.5 ya kiwango cha msingi kwa mwaka, hadi 2040, kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizopo. Fungu hilo ni dogo mno kwa viyoyozi vyote vya hoteli za pwani, kwa hiyo gesi unayoivuta kwenye mashine kuukuu na kuisafisha itakuwa na bei. Iliyosafishwa hapahapa nchini haihesabiwi kama matumizi mapya.