Notisi ya Adhabu: Faini Inayofika Bila Hakimu

Tuchukue mpambaji wa maharusi mwenye saluni yake Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Bibi harusi amekuja siku ya hina, chumba kimefungwa, wanawake watupu. Kazi ikiisha mpambaji anampiga picha kwa simu na kumwambia atamtumia kwa WhatsApp aone hina ilivyotoka. Wiki mbili baadaye picha ile ile, uso wazi na nywele wazi, iko kwenye Instagram ya saluni. Aliyeiona wa kwanza ni shemeji wa kiume. Mpambaji akaifuta jioni ile ile, lakini bibi harusi alikuwa ameshaihifadhi kama ushahidi, na akapeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaruhusu jambo hili moja lipite njia mbili. Ya kwanza ni ya kiutawala. Kamishna anapokea malalamiko, anachunguza, anaamua, na akiona yafaa anatoa notisi ya adhabu, yaani barua inayokutaka uilipe ofisi yake kiasi cha pesa kilichoandikwa humo. Njia ya pili ni ya jinai. Kifungu cha 72 kinasema mwenye kuhifadhi taarifa za mtu akizitoa, bila sababu halali, kwa namna isiyopatana na lengo lililofanya zikusanywe, ametenda kosa. Picha ilipigwa mteja aone hina yake, kisha ikageuzwa tangazo la biashara. Kwa hilo mpambaji anaweza kushtakiwa kortini, na adhabu ya jumla ya sheria hiyo ni faini isiyozidi shilingi 3,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Watu wakiambiwa jambo lao ni la kiutawala, hushusha pumzi. Hakuna pingu, hakuna kizimba, basi si zito. Tazama tarakimu kwanza. Kiwango cha juu cha notisi ya adhabu ni shilingi 5,000,000, kwa hiyo kwa pesa peke yake Kamishna anaweza kukutoza zaidi ya kile ambacho hakimu angekutoza chini ya adhabu ile ya jumla. Na mamlaka hayo hayakai kwenye karatasi tu. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe huko huko ukatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kinachobadilika sana kati ya njia hizi mbili ni kinga alizonazo mtu anayeandamwa.

Ukishtakiwa kwa jinai, Katiba inakuzungushia ukuta. Ukikamatwa, ibara ya 49 inataka uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa kama muda huo unaishia nje ya saa za kazi za mahakama. Ibara ya 50 inakuhesabu huna hatia hadi itakapothibitishwa vinginevyo, inakupa haki ya kunyamaza, ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani, na ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa huelewi lugha ya kesi. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na lazima kosa lithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya maana. Zaidi ya hapo, mikono ni tofauti: anayepeleleza si yule anayeamua kushtaki, kwa maana hiyo ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na anayeshtaki si yule anayehukumu.

Kwenye notisi ya adhabu, kupokea malalamiko, kuchunguza, kuamua na kutoza vyote viko chini ya ofisi moja. Haina maana kwamba huna kinga. Ibara ya 47 inakupa haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali, ya busara na yenye utaratibu wa haki, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inafafanua: ujulishwe mapema kinachotaka kufanywa na kwa nini, usikizwe, uonyeshwe ushahidi unaotegemewa, uwe na wakili ukitaka, upewe sababu za uamuzi kwa maandishi. Ila kipimo cha ushahidi kimeshuka. Inatosha ionekane kwamba yaelekea zaidi jambo lilitendeka kuliko kutotendeka. Na kinga hizi, tofauti na zile za jinai, zinamfaa zaidi mtu anayezidai. Hakimu atakusomea shtaka na kukuuliza kama umeelewa. Barua ya ofisi inaingia kwenye barua pepe ya saluni, ambayo pengine hufunguliwa mara moja kwa mwezi, kwa Kiingereza cha kisheria.

Hapa ndipo watu wanapoangukia, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Kwenye jinai, kunyamaza ni ngao. Kwenye utawala, kunyamaza ni kumwachia mlalamikaji uwanja. Kanuni za 2021 za kushughulikia malalamiko zinampa mlalamikiwa siku 21 tangu ajulishwe, aeleze upande wake na kuleta vielelezo. Siku hizo zikipita kimya, Kamishna anaendelea kuamua kwa alichonacho mezani, na alichonacho ni picha iliyohifadhiwa na bibi harusi pamoja na maelezo yake. Mpambaji wetu akisema, "Mie sikuiba wala sikumpiga mtu, watanitafuta wakichoka," atakuwa ametumia haki ya mshtakiwa mahali ambapo haimsaidii.

Na tazama anachopoteza. Kifungu cha 62 kinamtaka Kamishna, kabla ya kutoza, apime uzito wa kosa na muda wake, kama lilikuwa la makusudi au la uzembe, hatua zilizochukuliwa kupunguza madhara, makosa ya nyuma, na kiasi mhusika alivyoshirikiana. Mpambaji ana mengi ya kusema: ni picha moja, aliifuta siku aliyoambiwa, hajawahi kulalamikiwa. Mambo hayo hayajiandiki yenyewe kwenye faili.

Kuna jingine lenye thamani kubwa zaidi, na wengi hawalijui. Kile kiwango cha shilingi 5,000,000 kina mwenzake: kwa biashara, ukomo ni asilimia 1 ya mauzo ya mwaka wa fedha uliotangulia, na kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo kati ya viwili. Tuseme saluni iliingiza wastani wa shilingi 200,000 kwa mwezi mwaka jana. Kwa mwaka ni 2,400,000, na asilimia 1 yake ni 24,000. Kwa hesabu hiyo notisi yoyote inayozidi 24,000 imevuka mpaka wa kifungu cha 63. Lakini ni nani atakayeijulisha ofisi kuhusu 2,400,000, kama si mwenye saluni kwa taarifa za M-Pesa, daftari la mapato na ritani za kodi, ndani ya zile siku 21? Kwa dada aliyepokea barua kama hii, kitu cha kwanza ningemwomba ni hesabu zake, kabla hata ya kusikiliza habari ya picha. Fidia ya bibi harusi ni hesabu nyingine kabisa. Hiyo inalipwa kwake kwa madhara aliyoyapata, kwa kifungu cha 65, na haifungwi na asilimia 1.

Sasa twende mahali ambapo njia hizi mbili zinagusana, maana hapo pana shimo. Akichunguza malalamiko, Kamishna anaweza kukuagiza ufike kuhojiwa, ulete kumbukumbu, au uandike maelezo chini ya kiapo. Kukataa bila sababu ya msingi ni kosa, na kusema uongo ni kosa. Wakati huo huo jambo lenyewe linaweza kuwa la jinai chini ya kifungu cha 72. Kwa hiyo mtu ambaye kortini angeruhusiwa kukaa kimya anaweza kujikuta ameandika na kuapa, "Nilijua hakuniruhusu." Katiba inaiagiza korti ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi au kudhuru utoaji wa haki. Lakini kubishania hilo baadaye ni kazi ngumu kuliko kumwona wakili kabla ya kuapa. Eleza yaliyotendeka, yenye tarehe na vielelezo. Hukumu ya nia yako usiiandike wewe.

Ukaguzi una mlango wake. Ili kuingia na kupekua jengo, kifungu cha 60 kinataka kibali cha mahakama. Mtu akibisha saluni akisema ametoka kwa Kamishna, muombe kitambulisho cha kazi na kibali, soma jina la mahali na tarehe, na andika kilichochukuliwa. Usimzuie mwenye kibali, wala usifute kitu kwenye simu akiwa mlangoni. Kumzuia ni kosa la jinai linalojitegemea, lenye faini hadi 5,000,000 au kifungo hadi miaka 2. Vivyo hivyo notisi ya utekelezaji, ile inayokuamuru urekebishe jambo, kwa mfano kuanza kuchukua idhini ya maandishi. Lazima ikutajie kifungu ulichovunja, hatua za kuchukua na muda usiopungua siku 21. Ukiipuuza, umetoka kwenye utawala na kuingia kwenye jinai kwa miguu yako mwenyewe.

Notisi ya adhabu haimfanyi mtu mhalifu. Kamishna hana uwezo wa kufunga mtu, na kulipa faini yake si kupatikana na hatia mahakamani. Kwa Mombasa, ambako vijana wengi huomba cheti cha tabia njema kwa polisi ili wapate kazi za meli au za Uarabuni, tofauti hiyo ni ya riziki. Ila ina upande wa pili. Kinga ya kutoshtakiwa mara mbili inamlinda aliyekwisha kuachiliwa au kutiwa hatiani kortini, na mpambaji aliyelipa notisi hajawahi kuwa katika hali hizo.

Akitozwa, tuseme, 150,000, anakwenda Mahakama Kuu kwa rufaa ya kifungu cha 64, na Mahakama Kuu iko hapa hapa Mombasa. Maamuzi ya ofisi hiyo hutaja siku 30 za kukata rufaa, wakati aliyehukumiwa na hakimu kwa jinai ana siku 14. Kama notisi haisemi kiasi kile kilifikiwaje, aandike siku hiyo hiyo kuomba sababu, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya 2015 inasema ofisi ikishindwa kutoa sababu zilizoombwa, korti inapouangalia upya uamuzi itauchukulia kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, hadi ofisi ithibitishe vinginevyo. Mzigo uliokuwa kwa mpambaji unahamia upande wa pili, na hesabu yake ya 24,000 inaingia kortini ikiwa imetangulia kuandikwa katika majibu aliyoyapeleka mapema.