Wasipofungwa, si watawapiga wauguzi?

"Wagonjwa wa wodi ya akili wasipofungwa kitandani, si wauguzi watapigwa?"

Hapana, si lazima. Hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, zilipunguza kufunga kutoka matukio 3.5 hadi 1.2 kwa kila siku-mgonjwa 1,000 kati ya 1990 na 2000 (mgonjwa mmoja akilazwa siku moja ni siku-mgonjwa moja), na majeraha ya wafanyakazi hayakuonekana kupanda. Sababu mojawapo: watu wengi huumia katika ile purukushani ya kumkamata mgonjwa na kumfunga.

Kwa hiyo muhtasari wa mradi kama huo, ukiletwa kwenye kongamano pale AICC Arusha, usiishie kusema "kufunga kumepungua". Tuseme wodi ya Moshi yenye vitanda 20 ilijaa siku 30: hizo ni siku-mgonjwa 600. Matukio 6 yanatoa 10 kwa kila 1,000. Mwezi uliofuata matukio ni 5 tu, lakini wagonjwa walipungua na siku-mgonjwa zikawa 450. Hapo kiwango ni 11.1. Kimepanda! Idadi tupu ingetudanganya.

Kando ya kiwango hicho ziwekwe hesabu mbili za ulinzi: wafanyakazi waliopigwa, na sindano za dharura za kutuliza, kama haloperidoli. Kamba zikipungua huku sindano zikipanda, mgonjwa bado amefungwa, ila kwa dawa. Na mwezi mmoja mzuri hautoshi. Kwenye chati ya mwenendo, ambapo kila nukta ni kiwango cha mwezi mmoja, tafuta nukta 6 au zaidi mfululizo chini ya mstari wa wastani-kati, ule unaogawa nukta nusu juu na nusu chini.