Kalkuleta imesema 81.5, kwa hiyo? Dhana potofu kuhusu kanuni ya sini

Nimechoka jamani. Picha ya pembetatu inaingia kwenye simu, pande mbili zimeandikwa, pembe moja imeandikwa na haiko katikati ya hizo pande mbili, halafu chini kuna ujumbe: "Ticha nimepata 81.5 ila nyuma ya kitabu kuna majibu mawili, kitabu kimekosea eti?" Kitabu hakijakosea. Na nikimuuliza huyo mtu kwa nini kaishia kwenye jibu moja, ananijibu ile kauli inayonipandisha presha kuliko zote.

Dhana: "Si inaonekana kwenye picha kwamba pembe B ni kali?"

Haya, tuichukue picha yenyewe. Pembetatu ABC, pembe A ni digrii 40, AC ni sm 10, BC ni sm 6.5, tafuta pembe B. Kila mtu anaanza vizuri tu:

```
sin B = 10 × sin 40° ÷ 6.5 = 0.9889
B = 81.5°
```

Sasa shida iko kwenye huo mstari wa pili. Kitufe cha sin⁻¹ ukikipa namba chanya kinarudisha pembe kati ya 0 na 90 basi, hakijawahi kumpa mtu pembe butu na hakitampa hata akibonyeza mpaka kesho. Na anayetumia kitabu cha majedwali yuko hapo hapo, kwa sababu jedwali la sini nalo linaishia 90. Lakini hebu bonyeza sin 98.5 uone, kwa desimali tatu inakuja 0.989 ile ile. Kwa hiyo B inaweza kuwa 81.5 au 180 − 81.5, yaani 98.5. Hiyo ya pili usiikubali hivi hivi, ijumlishe kwanza na A: 40 + 98.5 = 138.5, bado haijafika 180, pembe C inabakiwa na 41.5, pembetatu inasimama bila tatizo. Ukiendelea kutafuta AB utapata kama sm 8.6 kwa pembetatu ya kwanza na sm 6.7 kwa ya pili. Hizo ni pembetatu mbili tofauti kabisa, na zote zinatii kila kitu kilichoandikwa kwenye swali.

Asiyeamini achukue bikari. Chora mstari mrefu kutoka A, pima digrii 40, chora AC ya sm 10. Sasa fungua bikari sm 6.5, chomeka ncha kwenye C, zungusha tao mpaka likate ule mstari wa chini. Litakata mara mbili, sehemu mbili zilizoachana kama sm 1.9, na B anaweza kukaa kwenye yoyote ya hizo mbili. Ukiunganisha C na sehemu zote mbili unapata pembetatu pacha katikati yenye pande mbili za 6.5, pembe zake za chini zinalingana, ndiyo maana pembe kali ya upande mmoja na pembe butu ya upande wa pili jumla yake ni 180. Hakuna uchawi hapo.

Tukirudi kwenye picha sasa. Kati ya 81.5 na 98.5 kuna digrii 17 tu, na pembe mraba iko katikati yao. Wewe umepiga picha daftari liko mezani, simu umeiinamisha, halafu mtu anaweka protrakta juu ya skrini kabisa (nimeona kwa macho yangu!) anapima anasema "ticha ni 84". Simu ikiinama picha inabana upande mmoja, na pembe zote zinabadilika. Kipimo changu cha haraka ni hiki: angalia kona ya karatasi kwenye hiyo hiyo picha, kona ambayo tunajua ni digrii 90. Kama kwenye skrini imekuwa 80 au 100, basi pembetatu nayo imepindishwa, na huna haki ya kusema lolote kuhusu B kwa kuitazama. Na hata ukiiskani vizuri ikanyooka, michoro mingi ya mitihani haikuchorwa kwa skeli, mchoraji aliweka B pale palipomkalia vizuri.

Sisemi mchoro ni bure kabisa. Kama swali limechora B imelala wazi wazi, butu isiyo na ubishi, basi mtungaji amekuchagulia, na hapo anayeandika pembe kali kwa sababu kalkuleta imesema ndiye anayekosa. Vilevile maneno ya swali yakisema "pembe ABC ni butu", kazi imeisha, toa kwenye 180 uendelee. Ndiyo maana nawaombeni kila siku mpige picha swali ZIMA, na maneno ya juu, maana watu wanakata mstari mmoja tu wa maneno na ndio uliokuwa na jibu la ubishi wote. Kama hakuna maneno na mchoro hauamui, andika majibu yote mawili.

Dhana: "Basi kila swali la sini lina majibu mawili"

Ndiyo tatizo la kufundisha, ukiwafungulia mlango wanapita wote. Hapana. Badili BC iwe sm 12, AC ibaki 10 na A ibaki 40: B inakuja 32.4, ya pili ingekuwa 147.6, jumlisha na 40 unapata 187.6, imezidi 180, itupe. Kiujumla kama A ni kali na upande unaoitazama A ni mrefu kuliko upande wa pili uliopewa, au umelingana nao, jibu ni moja. Na A ikiwa butu huna haja ya kuhangaika, B haiwezi kuwa butu tena.

Dhana: "Kalkuleta imeandika Math ERROR, imeharibika"

Haijaharibika. Weka BC sm 6 uone, sin B inatoka 1.07 na sini haivuki 1. Kimo kutoka C mpaka mstari wa chini ni 10 × sin 40°, kama sm 6.43, sasa upande wa sm 6 utafikaje chini? Unaning'inia. Pembetatu haipo, au umesoma namba vibaya kwenye picha, na mara nyingi ni hilo la pili: 6 na 8 kwenye picha yenye ukungu ni ndugu.

Dhana: "Ukitumia kanuni ya kosini unakwepa majibu mawili"

Jaribu basi. Ukitafuta AB, tuiite c, unapata c² − 15.32c + 57.75 = 0, na ukiitatua zinatoka 8.6 na 6.7 zile zile. Ila hapa angalau mlinganyo unakuonyesha majibu yote mawili wenyewe bila wewe kukumbuka kutoa kwenye 180, kwa hiyo msahaulifu atumie hii.

Halafu acheni kukata desimali mapema. sin 40° ukiiandika 0.64 kwenye swali letu la kwanza, B inaanguka kutoka 81.5 mpaka 79.9, kwa sababu sini ikikaribia 1 kosa dogo tu linahamisha pembe sana. Acha namba ndani ya kalkuleta, kata mwishoni.