Je, wajua? Wasomaji wawili wa slaidi wanaweza kukubaliana kwa asilimia 92 na bado wasiaminike

*Maabara yetu ina watu wawili wanaosoma slaidi za malaria. Nimelinganisha majibu yao kwenye slaidi 100, wamekubaliana kwenye 92. Hiyo si inatosha? Na kiwango kinachokubalika hasa ni kipi?*

Kabla ya kufurahia hiyo 92, uliza kwanza kati ya slaidi hizo 100 ngapi zilisomwa kuwa na vimelea. Jibu linaweza kugeuka kabisa.

Tuseme slaidi zilikusanywa kiangazi, wagonjwa wa malaria wakiwa wachache. Wasomaji wote wawili walisema "vimelea vipo" kwenye slaidi 2 tu. Kwenye 90 wote walisema "hakuna". Zimebaki 8: nne msomaji wa kwanza aliona vimelea na wa pili hakuona, nne nyingine ikawa kinyume chake. Kwa hiyo kila mmoja ametoa majibu chanya 6 na hasi 94.

Sasa mlete mtu wa tatu, mvivu, asiyewasha hata darubini. Anaandika "hakuna" kwenye slaidi zote 100 na kwenda kunywa chai. Huyu atakubaliana na msomaji wa kwanza kwenye slaidi 94. Amewapita wenzake waliokaa asubuhi nzima wakikodoa macho! Ndiyo maana asilimia tupu haifai kutegemewa: ugonjwa ukiwa adimu, "hakuna" ni jibu linaloangukia pazuri mara nyingi, hata kwa asiyetazama kitu.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Jacob Cohen alipendekeza kipimo kinachoondoa makubaliano hayo ya bure. Kinaitwa kappa, na fomula yake ni fupi:

```
k = (Po - Pe) / (1 - Pe)
```

Po ni makubaliano yaliyoonekana, hapa 0.92. Pe ni makubaliano ambayo yangetokea kwa bahati tu, endapo kila msomaji angegawa majibu yake 6 chanya na 94 hasi bila kuangalia slaidi. Uwezekano wa wote kusema chanya ni 0.06 × 0.06, yaani 0.0036. Wote kusema hasi ni 0.94 × 0.94, yaani 0.8836. Jumlisha, unapata 0.8872. Maana yake bahati peke yake ingewapa takriban slaidi 89 kati ya 92 walizokubaliana. Kazi ya macho yao imeongeza kama 3 tu, wakati nafasi iliyobaki kuongeza ilikuwa kama 11. Kappa inakuwa 0.29.

Rudia zoezi wakati wa masika. Wote wameona vimelea kwenye slaidi 46, wote hawakuona kwenye 46, wametofautiana kwenye 8 kama mwanzo. Makubaliano ni yale yale, asilimia 92. Lakini sasa kila mmoja ana chanya 50 na hasi 50, bahati ingewapa nusu tu, na kappa inapanda hadi 0.84.

Swali la kiwango kinachokubalika watu wengi hulijibu kwa jedwali la Landis na Koch la mwaka 1977: 0.41 hadi 0.60 ni makubaliano ya wastani, 0.61 hadi 0.80 ni makubwa, juu ya hapo ni karibu kamili. Utalikuta kwenye tasnifu chungu nzima, limenukuliwa kama sheria. Wenyewe waliolitunga walikiri kwamba mipaka hiyo waliichora kwa kukadiria tu. Mimi silikatai, ila silipi kazi ya kuamua.

Kinachoamua ni mgonjwa anapoteza nini wasomaji wakitofautiana. Kwenye zahanati ambako hawa wawili wanapokezana zamu, slaidi husomwa na mmoja tu. Hapo kila tofauti kati yao maana yake ni kwamba mgonjwa yule yule angepewa dawa Jumatatu na kurudishwa nyumbani Jumanne, kutegemea nani yuko zamu. Mahali kama hapo nisingeridhika chini ya 0.80. Lakini kwenye utafiti ambako kila slaidi inasomwa na watu wawili, kila mmoja bila kuona jibu la mwenzake, na zenye utata zinapelekwa kwa msomaji wa tatu aliye mzoefu zaidi, naweza kuvumilia pungufu, kwa kuwa tofauti hizo zinasuluhishwa kabla jibu halijatoka. Muhimu ni kuandika kiwango hicho kabla ya kusoma slaidi ya kwanza. Ukikisubiri hadi matokeo yatoke, utajikuta unakipenda kile ulichokipata.

Halafu kuna suala la idadi. Ile 0.29 ya kiangazi ina wigo mpana ajabu: ukikokotoa kwa uhakika wa asilimia 95, inaanzia chini ya sifuri na kufika karibu 0.65. Yaani slaidi 100 zenye chanya chache namna ile hazikuambii lolote la maana, si zuri wala baya. Kappa ya masika inakaa kati ya 0.73 na 0.95, nayo hata hivyo inashuka chini ya ile 0.80 niliyoitaja. Ukitaka kupima wasomaji, usichukue slaidi kama zilivyokuja. Changanya makusudi zenye vimelea vingi, zenye vichache na zisizo navyo, na uongeze idadi. Ila ukiripoti, sema wazi kwamba ulizichagua, maana kappa hiyo si ya wagonjwa wa kila siku.

Na usiishie kwenye namba. Rudi kwenye zile slaidi 8. Tuseme wote wameona vimelea kwenye 42, hawakuona kwenye 50, na zote 8 zilizobaki ni msomaji wa kwanza aliyesema chanya. Kokotoa: kappa ni 0.84, sawasawa na ile ya masika. Lakini hapa hakuna kuteleza huku na huku, tofauti zote zimeelemea upande mmoja. Zitoe slaidi hizo 8 mzitazame pamoja. Zikiwa na vimelea vichache sana, huenda msomaji wa pili anakata tamaa mapema: kwenye tone nene la damu inatakiwa kupitia angalau fildi 100 kwa lenzi ya mafuta kabla ya kuandika "hakuna". Kama hakuna vimelea kabisa, basi wa kwanza anadanganywa na chembe za rangi ya Giemsa iliyoganda kwa kutochujwa, au na chembe sahani za damu. Wa pili anahitaji muda zaidi kwenye kila slaidi. Wa kwanza pengine anahitaji rangi safi tu.

Kuna jambo moja ambalo kappa haiwezi kulitambua hata ikifika 1.00. Wasomaji waliofundishwa na mtu mmoja, wanaotumia darubini moja yenye lenzi iliyochakaa, watakosea pamoja na kukubaliana vizuri kabisa. Kwa hiyo kwenye kila zoezi chomeka slaidi ambazo jibu lake limeshathibitishwa kwingine, kwa wasomaji wabobezi au kwa PCR, bila wao kujua ni zipi, na uzihesabu peke yake.