Bei anayoiona mnunuzi wa nje na bei inayokatwa kwenye kadi yake

Nikiitwa kukagua duka la mtandaoni linalouza nje ya nchi, huwa naanza na swali moja kabla ya kufungua msimbo wowote: hii bei ya euro iliyopo ukurasani ndiyo itakayokatwa, au ni ya kuangalia tu? Mara nyingi mwenye duka hajui. Aliweka programu-jalizi ya kubadilisha sarafu, akaona alama ya euro imetokea, akaridhika.

Tuchukue bidhaa ya dola 48 za Marekani. Kwa mfano, dola moja iwe sawa na euro 0.92. Programu-jalizi inazidisha na kuonyesha euro 44.16. Mnunuzi anabonyeza kulipa, lakini nyuma ya pazia oda bado ni ya dola 48. Benki iliyompa kadi ndiyo itakayoibadilisha, kwa kiwango chake yenyewe na cha siku hiyo, na benki nyingi huongeza ada ya muamala wa fedha za kigeni. Ada hiyo ikiwa asilimia 3, atakatwa takriban euro 45.48. Aliahidiwa 44.16. Hapo ndipo zinapoanza barua pepe za malalamiko, na baadhi ya wateja hawaandiki kabisa, wanakwenda moja kwa moja benki kupinga muamala.

Kuonyesha tu si dhambi, ilimradi useme hivyo. Andika "takriban" pembeni ya bei iliyobadilishwa, na kwenye hatua ya mwisho ya malipo weka wazi kiasi cha dola kitakachokatwa. Kwa duka lenye wateja wachache wa nje hilo linatosha. Wakiwa wengi, mimi hushauri kutoza kwa sarafu yao, na hapo kazi inabadilika: hatari ya kupanda na kushuka kwa fedha inatoka kwao inakuja kwako.

Ndiyo maana sipendi kuchukua kiwango cha sokoni na kukizidisha kikavu. Benki Kuu ya Ulaya hutangaza viwango vya rejea kila siku ya kazi, mnamo saa kumi jioni kwa saa za Ulaya ya Kati, lakini yenyewe inasema ni vya taarifa tu. Hakuna atakayekuuzia fedha kwa kiwango hicho hicho. Wikendi havitoki kabisa. Kwa hiyo naongeza akiba kidogo, tuseme asilimia 2, kufidia makato ya kampuni ya malipo na mabadiliko ya siku mbili tatu. Euro 44.16 inakuwa 45.04, naipandisha hadi 45.50 ili isomeke kama bei iliyopangwa na mtu. Kwa yeni, kiwango kikiwa 150, dola 48 ni yeni 7,200; ukiongeza asilimia 2 ni 7,344, naipandisha hadi 7,350. Bei hizo naziacha zitulie. Mteja aliyeona 45.50 asubuhi akakuta 45.61 jioni anadhani anachezewa, kwa hiyo nazikokotoa upya mara moja kwa wiki, au kabla ya hapo kiwango kikihama kupita akiba niliyoweka.

Sasa kikapu. Mteja wa Japani anachukua tatu. Kuna njia mbili za kupata jumla, na zinatoa majibu mawili. Ukizidisha bei uliyokwisha kuipandisha, 7,350 mara tatu ni 22,050. Ukijumlisha dola kwanza, 144, kisha ukabadilisha na kuongeza asilimia 2, unapata 22,032. Tofauti ya yeni 18 ni ndogo, ila mteja anaona mstari unaosema 7,350 mara tatu na jumla isiyolingana nao, na imani inapungua papo hapo. Kanuni ninayoishika: bei ya kipande kimoja inabadilishwa na kupandishwa mara moja tu, baada ya hapo punguzo, usafirishaji na kodi vyote vinahesabiwa ndani ya sarafu ya mteja. Usirudi tena kwenye dola. Ukitaka kujua duka lako linafuata njia gani, weka vipande vitatu vya bidhaa moja kwenye kikapu na upige hesabu kwa mkono.

Yeni ina mtego mwingine. Kampuni nyingi za malipo hupokea kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, kwa hiyo dola 48 hutumwa kama 4800, yaani senti. Mtayarishaji programu anazoea kuzidisha kwa 100. Lakini kwa mujibu wa ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, yeni haina desimali: 7,350 hutumwa kama 7350, na ukizidisha umemtoza mtu mara mia. Dinari ya Kuwait nayo ina desimali tatu, kwa sababu dinari moja ni filsi 1,000. Idadi ya desimali iwe sehemu ya taarifa za kila sarafu, isiandikwe kwa mkono kwenye hesabu, na kabla ya kufungua sarafu mpya soma maelezo ya kampuni yako ya malipo, maana baadhi zina taratibu zao kwa sarafu fulani.

Kuandika alama ya sarafu kuachie kivinjari:

```js
new Intl.NumberFormat('de-DE', {
  style: 'currency', currency: 'EUR'
}).format(45.5)
// 45,50 €
```

Mjerumani anatarajia mkato kabla ya senti na alama nyuma. Alama ya `$` peke yake haitoshi ukiuza Kanada, Australia na Singapuri, kwa kuwa kila mmoja ataisoma kama dola yake. Ongeza `currencyDisplay: 'code'` ili itokee `CAD` au `AUD`.

Hitilafu mbili huwa nazitafuta kwa makusudi. Ya kwanza ni kiwango kinachokosekana. Huduma ya viwango ikizimika, msimbo uliozembewa hutumia 1 badala yake, na bidhaa ya dola 48 inauzwa yeni 48. Tumia kiwango cha mwisho kilichohifadhiwa, na ukatae kingine chochote kinachotofautiana nacho kwa zaidi ya asilimia 5 mpaka mtu akiangalie. Ya pili ni nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili duka lifunguke haraka. Mtu wa Ufaransa anafungua ukurasa, seva inatunza nakala yenye euro, kisha anayefuata kutoka Japani anapewa nakala ile ile. Dalili yake ni kwamba bei inabadilika ukifika kwenye kikapu. Sarafu lazima iwe sehemu ya ufunguo wa nakala hiyo. Kukisia nchi kwa anwani ya IP ni sawa kwa kuanzia, lakini mpe mteja mahali pa kubadilisha na ukumbuke alichochagua.

Oda ikishalipwa, hifadhi ndani yake sarafu, kiasi na kiwango kilichotumika, vyote vitatu. Utavihitaji mteja akirudisha mzigo. Aliyelipa euro 45.50 anarudishiwa euro 45.50, hata kama wiki tatu baadaye euro hizo zinakugharimu dola zaidi ya ulizopokea. Tofauti hiyo ni yako, na kwenye hesabu iandikwe kama faida au hasara ya ubadilishaji, isichanganywe na mauzo.