Kukausha nywele zilizonyeshewa kwenye picha: anza na ujazo, nyuzi mwisho

Mwezi wa Januari mvua ya huku Mtwara haibishi hodi. Nilikuwa Mikindani na dada mmoja aliyetaka picha kabla ya harusi yake, amesimama mbele ya mlango wa nakshi wa nyumba ya kale. Nywele zake zilikuwa za dawa, zimetoka saluni asubuhi ileile, zimepigwa draya na pasi, zimemwangukia mabegani. Nilipiga picha kama kumi hivi, wingu likaja kutoka baharini, na tulipofika barazani alikuwa ameshanyeshewa dakika mbili nzima.

Picha bora ya siku ile ilipigwa baada ya hapo. Mwanga ulikuwa umelainika, ukuta umekolea rangi, na yeye anacheka kicheko cha kweli. Jioni nikamtumia, akanijibu: "Kaka, uso umenipendeza sana, ila nywele ni kama natoka kuvua pweza. Huwezi kuzikausha?"

Inawezekana. Ila wengi wetu tukisikia ombi hilo tunakimbilia brashi nyembamba na kuanza kuchora nywele juu ya nywele. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, na picha ya bibi harusi mmoja ikarudishwa na dada yake kwa swali moja tu: "Mbona mmemvalisha wigi?" Alikuwa amesema kweli. Nyuzi nilizochora zilikuwa nzuri, lakini zilikaa juu ya kichwa kilichobaki kimelowa.

Maji hayapunguzi nywele. Yanazifunga. Mvutano wa maji unazivuta nywele jirani zishikane, kwa hiyo mamia ya nywele zilizokuwa zimetawanyika zinakuwa mafungu machache, kila moja limechongoka nchani kama brashi ya rangi iliyochovywa. Zikishafungamana zinaacha nafasi katikati, na humo ngozi ya kichwa inaonekana. Uzito wa maji nao unazilaza, utosi unashuka. Maji yanapojaza nafasi kati ya nywele, mwanga unaingia ndani zaidi badala ya kutawanyika kurudi kwetu, kwa hiyo rangi inakolea. Na kwa kuwa uso wa fungu lililolowa ni laini, mng'aro wake unakuwa mstari mwembamba, mkali, uliokatikakatika. Nywele kavu za dawa hung'aa kwa ukanda mpana usio na kingo.

Kukausha ni kurudisha hayo yote nyuma, na mpangilio wa kazi una maana. Ujazo kwanza, mianya ya ngozi, kisha mng'aro, nyuzi mwisho. Ukigeuza, ukachora nyuzi halafu ukanyanyua ujazo, zile nyuzi zitanyooshwa pamoja na kila kitu na zitalegea kama uzi uliovutwa.

Kabla ya kugusa chochote nilitafuta picha kavu ya mtu yuleyule. Tulikuwa nazo zile kumi za mwanzo. Nikachagua moja ambayo kichwa kimekaa karibu sawa, nikaiweka kama leya juu ya ile iliyolowa, nikapunguza uzito wake hadi nusu, nikaikuza mpaka macho yakaangukia macho. Utosi wa picha kavu ulikuwa juu kwa pikseli 70 hivi, na pembeni kila upande ulizidi kwa kama 40. Hizo ndizo namba zangu. Bila picha kavu ningebuni, na ukibuni utazidisha tu, kwa sababu jicho likishatazama nywele zilizolala kwa saa nzima linataka nyingi.

Kunyanyua nilitumia Liquify ya Photoshop. Nilifunika uso na masikio kwa Freeze Mask, nikachukua Forward Warp yenye brashi kubwa, pikseli 600, na Pressure ya 20. Brashi ikiwa ndogo inaacha vinundu kwenye mstari wa kichwa. Nilisukuma kutoka kwenye mizizi kwenda juu, si kuvuta kutoka kwenye ukingo, mara tatu kidogokidogo badala ya mara moja kwa nguvu. Hatari hapa ni kilicho nyuma ya mtu. Nyuma ya huyu dada kulikuwa na fremu ya mlango, mbao iliyonyooka, nayo ilipinda karibu na sikio la kushoto. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu kuhariri picha ataona mlango umepinda hata kabla hajaziona nywele. Nilikata kipande cha fremu kutoka kwenye picha ya awali nikakirudisha kwa maski, hadi pale nywele zinapoanza.

Mianya niliiziba kwa Clone Stamp kwenye leya tupu, Sample ikiwa Current & Below, na leya yenyewe nikaiweka kwenye Darken. Kwa hali hiyo brashi inafunika tu kilichong'aa kuliko sampuli, kwa hiyo ngozi inazibwa na nywele zilizopo haziguswi. Sampuli nilichukua nyuma ya sikio lake, mahali mvua haikufika vizuri. Jambo la kuangalia ni mwelekeo: nywele za kulia zinakwenda kulia, za kushoto kushoto, na ukichukua sampuli upande mmoja ukaipeleka mwingine bila kuigeuza, mkondo unavunjika. Njia ya nywele katikati niliiacha wazi. Ukiiziba, kichwa kinakuwa kofia.

Mng'aro unataka mkono mwepesi. Clone Stamp ileile, bado kwenye leya ya Darken, Opacity 30, nikichukua rangi ya nywele iliyo pembeni tu ya mstari mkali na kupita juu yake mara mbili tatu. Usiufute wote. Nywele nyeusi isiyo na mng'aro kabisa inaonekana kama masizi. Baada ya ile mistari kupoa, niliongeza leya ya Soft Light, nikapaka kwa brashi pana na laini yenye Opacity ya 6 ukanda mmoja uliozunguka kichwa mahali pale mwanga wa barazani ulipoangukia. Hatua hii ndiyo inayokausha zaidi kuliko zote. Nilipoizima na kuiwasha, nywele zilitoka kulowa hadi kuwa na unyevu tu, na sijachora unywele hata mmoja.

Sasa nyuzi. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo huokoa muda. Kichwa chake kwenye picha kilikuwa na upana wa pikseli 1,500, na kichwa halisi pamoja na nywele tuseme sentimita 15. Pikseli moja basi ni kama milimita 0.1. Unywele wa binadamu kwa kawaida una unene wa karibu milimita 0.07. Maana yake unywele mmoja haujai hata pikseli moja. Kile ambacho kamera iliona na sisi tunakiita unywele ni kishungi cha nywele chache zilizoandamana. Kwa hiyo brashi yangu ilikuwa ya pikseli 2, mara chache 3, ikifuata mkandamizo wa kalamu ili ianze nyembamba, inenepe, imalizike nyembamba. Anayechora mistari ya pikseli 5 anachora tambi.

Rangi nilichukua tatu kutoka kwenye picha kavu: ya kivuli, ya kati na ya mwanga. Nyuzi za kati ndizo nyingi. Za mwanga zinakaa ndani ya ule ukanda wa mng'aro tu, kwa sababu nje yake hakuna mwanga wa kuziangaza.

Nieleze fungu moja tu, lile lililoanguka mbele ya bega la kulia, maana mengine yalifuata njia hiyohiyo. Lilikuwa limebana kama kamba, upana wa kidole, ncha imechongoka. Nilianza kwa rangi ya kivuli, nikachora mistari minne ndani ya fungu kufuata urefu wake, si kwa umbali sawa, ili lipasuke kuwa vishungi vitano visivyolingana. Kisha kwa rangi ya kati nikatoa nyuzi kutoka ndani ya fungu kuvuka ule mwanya hadi fungu la jirani. Hizi za kuvuka ndizo zinazodanganya jicho, kwa sababu nywele zilizolowa hazivuki, zimeshikwa na maji. Zinavuka kwa pembe ndogo sana, na kila moja ina mahali inapotokea na mahali inapopotelea. Unywele unaoanzia hewani huonekana kama mkwaruzo kwenye lenzi. Mwisho nikaifungua ncha: mahali palipokuwa na mchongoko mmoja nilitoa nyuzi kumi na mbili hivi zenye urefu tofauti, zikitanuka kidogo kama ufagio uliotumika.

Nyuzi zilizochorwa ni safi mno kuliko picha. Nilizitia Gaussian Blur ya 0.4, na zile za nyuma ya shingo, ambako lenzi ilikuwa imeshaanza kulegeza, nikazitia 1.2. Kisha Add Noise ya asilimia 2, Monochromatic, ili ziwe na chembe kama picha nyingine. Pembeni mwa kichwa niliongeza nywele chache za kuruka, kama ishirini, na sikuzing'arisha, kwani siku ile hakukuwa na jua nyuma yake.

Nikageuza picha kulia kuwa kushoto, nikaipunguza hadi ukubwa wa kidole gumba. Hapo ndipo kosa hujitokeza. Upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine, na kwenye utosi kulikuwa na kishungi kilichojirudia mara mbili kwa sababu ya Clone Stamp. Pia nikaona kola ya blauzi ina madoa ya mvua. Nywele kavu juu ya kola iliyolowa hazikubaliki, kwa hiyo nilirudi kwenye nywele za karibu na shingo nikaacha mafungu mawili madogo bila kuyafungua. Sasa anaonekana mtu aliyeguswa na manyunyu, nayo ndiyo picha yenyewe.

Jasho ni kesi ndogo zaidi. Linashika nywele za mbele, vile vinyweleo vya kwenye paji la uso, na kinachosumbua mara nyingi ni ngozi inayong'aa katikati yao. Punguza mng'aro wa ngozi kwanza, kisha toa vinyweleo vitano sita vilivyobanduka. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Nywele za asili zisizo na dawa sizifanyii haya. Zikilowa zinajikunja na kufupika, na umbo lake linabadilika lote. Mistari mirefu ya brashi inazinyoosha, unampa mtu nywele ambazo si zake. Kama kuna sehemu iliyobaki kavu nachukua msokoto wenyewe kutoka humo na kuupandikiza, na kunyanyua ukingo kidogo. Kama zote zimelowa, namwomba mteja turudi siku nyingine.

Ya huyu dada ilichukua saa tatu na nusu. Tuliichapa inchi 12 kwa 18, na mama yake alipoishika aliitazama, kisha akamuuliza, "Hii mlipiga kabla ya mvua?"